Dirisha lililoungua: namna ya kurudisha mandhari ya nje kwenye picha ya ndani

"Mbona bahari imepanda juu ya nyumba? Hii si itatumwagikia?"

Mama mwenye nyumba aliniuliza hivyo akiwa ameshika simu yangu, akitazama picha ya sebule yake mwenyewe. Nilikuwa nimekesha nayo. Dirisha lilikuwa jeupe pe, nami nikalijaza bahari ya buluu na minazi miwili, kingo nikazikata safi, rangi zikakaa. Yeye ambaye hajawahi kufungua Photoshop aliona kwa sekunde mbili jambo ambalo mimi sikuliona usiku kucha: mstari wa bahari ulikuwa karibu na juu ya dirisha, kana kwamba sebule iko shimoni.

Ndiyo maana mwongozo huu utakaa zaidi kwenye mambo mawili: mstari wa bahari ukae wapi, na nje kuwe na mwanga kiasi gani kuliko ndani. Kukata kingo, ambako wengi hudhani ndiko kazi yenyewe, kunataka subira tu.

Nitatumia picha moja mwanzo hadi mwisho. Ni sebule ya ghorofa ya nne, Oysterbay, Dar es Salaam, dirisha linatazama mashariki, Bahari ya Hindi. Dirisha ni la aluminiamu, la kusukuma. Nusu yake ina wavu wa mbu, na nje kuna nondo kama nyumba nyingi za kwetu. Picha ilipigwa saa tatu asubuhi kwa kamera ya fremu kamili, lenzi ya 16 mm, f/8, ISO 200, kasi ya 1/15. Kamera ilikuwa kwenye stendi, lenzi ikiwa sentimita 120 kutoka sakafuni na mita nne kutoka dirishani. Ndani pametoka vizuri. Dirisha limeungua, yaani mwanga umezidi hadi limebaki jeupe tupu.

## Kwanza hakikisha limeungua kweli

Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha: kwenye jua kali, weka f/16 na kasi inayolingana na ISO. Kwa ISO 200 hiyo ni 1/200, na ukifungua lenzi hadi f/8 inakuwa 1/800. Ndani nilihitaji 1/15. Kutoka 1/15 hadi 1/800 ni karibu stopu sita, na kila stopu ni mwanga mara mbili, kwa hiyo nje palikuwa na mwanga zaidi ya mara 50 ya ule wa ndani. Hakuna fremu moja itakayobeba vyote viwili bila upande mmoja kuumia.

Hata hivyo, faili la RAW huficha kitu. Lifungue kwenye Camera Raw, vuta Highlights hadi -100 na Exposure hadi -2, kisha tazama dirishani. Mawingu na mstari wa bahari vikijitokeza, huna haja ya kutafuta picha nyingine. Toa nakala ya pili ya faili hilohilo iliyopunguzwa mwanga, itumie kama picha ya nje, na ruka moja kwa moja hadi kwenye kukata. Mstari wa bahari na ukubwa tayari viko mahali pake. Dirisha likigeuka kijivu tupu kisicho na kitu ndani yake, basi habari haipo, na hakuna kitelezi kitakachoirudisha. Picha yangu ilikuwa hivyo. Faili la JPEG la simu karibu kila mara litakuwa hivyo.

Ukiwa bado kwenye Camera Raw, nyoosha picha ya ndani kabisa kabla ya jambo lolote: washa marekebisho ya lenzi, na hakikisha kuta na fremu za dirisha zimesimama wima. Ukiahirisha, utakuja kunyoosha sebule baadaye na bahari nayo italala upande.

## Picha ya nje itoke wapi

Itoke kwenye dirisha hilohilo. Nasema hivi kwa sababu ya wapangaji. Mtu akiona bahari kwenye tangazo, akalipa, akafika akakuta ukuta wa jirani, hilo si suala la picha tena.

Njia bora ni kupiga fremu ya pili palepale, kamera isiguswe kwenye stendi, ukibadilisha kasi tu. Kwa sebule hii ningepiga 1/250 au 1/400. Sipigi 1/800, kwa sababu nataka nje iliyopauka kidogo, na sababu yake nitaieleza mbele. Lakini ukisoma hapa pengine ni kwamba hukupiga, kama mimi siku ile, na umerudi kupiga mandhari peke yake. Basi shika mambo matatu.

Simama dirishani na kamera iwe kwenye kimo kilekile, sentimita 120, ikitazama upande uleule, na iwe sawa kabisa bila kuinama. Vitu vya mbali, kama bahari na mawingu, havitabadilika kwa sababu umesogea mita nne mbele. Vya karibu vitabadilika sana. Mti ulio mita kumi kutoka dirishani utaonekana mahali pengine kabisa, na ukiuweka kwenye picha jicho litakataa bila kujua kwa nini. Nondo na kingo ya dirisha zibaki zile za picha ya ndani, usizichukue kutoka ya nje.

La pili ni saa. Sebule yangu ilipigwa asubuhi na ina kipande cha jua sakafuni, kilichoingia kwa dirisha hilohilo. Maana yake jua liko mbele ya kamera, juu ya bahari. Asubuhi kama hiyo bahari haiwi buluu. Inametameta kama bati jipya, na minazi inaonyesha upande wake wenye kivuli. Picha yangu ya kwanza ya nje niliipiga saa kumi jioni, jua likiwa nyuma ya jengo, bahari ya buluu, minazi imeng'aa usoni. Nzuri mno, lakini haikuweza kukaa chumba kimoja na kile kipande cha jua sakafuni. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, tazama sakafu. Kama kuna jua limeingia kwa dirisha, nje lazima pawe na mwanga unaokuja kukulaki. Kama hakuna, una uhuru zaidi, na mchana wenye mawingu mepesi ndio unaosamehe kuliko wote.

La tatu ni lenzi, ila hilo lina hesabu yake, nalo linakuja.

## Mstari wa bahari

Upeo wa macho hukaa kwenye kimo cha lenzi. Haijalishi uko ghorofa ya kwanza au ya kumi. Ukisimama, bahari inakatia machoni pako. Ukichuchumaa inashuka nawe. Kwenye picha, mstari huo unapita juu ya kila kitu ndani ya chumba kilicho na kimo sawa na cha lenzi.

Kwa hiyo unahitaji futi tu. Kingo ya chini ya dirisha langu iko sentimita 90 kutoka sakafuni, ya juu 210. Dirisha lina kimo cha sentimita 120, na kwenye picha hizo ni pikseli 800. Lenzi ilikuwa sentimita 120, yaani 30 juu ya kingo ya chini:

```
(120 - 90) / (210 - 90) x 800 = 200
```

Mstari wa bahari ukae pikseli 200 kutoka chini ya dirisha. Ni robo tu ya kimo chake, na robo tatu zote zilizobaki ni anga. Mimi nilikuwa nimeuweka karibu na juu, kwa sababu nilitaka bahari nyingi. Ndiyo iliyotaka kumwagika.

Kama huna vipimo, kuna njia mbili. Kamera ikiwa ilikuwa sawa kabisa na hujapunguza picha juu wala chini, mstari uko katikati ya kimo cha picha. Kama ilipunguzwa, chukua mistari inayokimbilia mbali na kamera, mathalani viungo vya tailizi na kingo ya dari kwenye ukuta mmoja, uirefushe kwa leya ya muda hadi ikutane. Kimo cha pale inapokutana ndicho kimo cha upeo. Bonyeza Ctrl+R upate rula, kisha buruta mwongozo wa mlalo uuweke hapo. Usiuondoe hadi kazi iishe.

Kutoka kwenye hesabu hiyohiyo linatoka jambo ambalo wengi hulisahau. Lenzi yangu ilikuwa kama mita 13 juu ya ardhi. Kutoka mita nne ndani ya sebule, mtazamo unaopita juu ya kingo ya chini ya dirisha unashuka sentimita 30 kwa kila mita nne. Utagusa ardhi umbali gani?

```
13 x 4 / 0.3 = 173
```

Mita 173. Kila kilicho ardhini karibu zaidi ya hapo kimefichwa na ukuta ulio chini ya dirisha. Barabara iliyo chini ya jengo, magari yaliyoegeshwa, paa la kibanda cha mlinzi, hivyo vyote huvioni ukiwa umekaa kwenye kochi. Unaviona ukisogea dirishani tu. Picha ya nje iliyopigwa ukiwa umeegemea dirisha inavyo, nawe usiviache viingie. Kilele cha mnazi kinaweza kuonekana, shina lake lote haliwezi.

## Kuiweka ndani

Fungua picha ya ndani, kisha File > Place Embedded ulete ya nje. Itaingia kama Smart Object, kwa hiyo unaweza kuikuza na kuipunguza mara nyingi bila kuiharibu.

Sasa ile hesabu ya lenzi. Nje nilitumia 24 mm kwa kamera ileile. Ndani ni 16 mm. Lenzi ya 16 inaonyesha kila kitu kidogo zaidi, kwa hiyo nje ipunguzwe kwa uwiano huo, 16 kugawa kwa 24, ambayo ni asilimia 67 ya ukubwa wake halisi. Place Embedded huingiza picha ikiwa imebanwa itoshe kwenye turubai, basi hakikisha namba iliyo juu kwenye upau inasoma 67% kabla ya kubonyeza Enter. Ukiiacha kubwa, mawingu yanakuwa mazito na meli ya mbali inakuwa jitu nje ya dirisha. Kudanganya kidogo, mpaka asilimia 75 hivi, hakuna atakayekushika. Zaidi ya hapo inaanza kufanana na bango.

Isogeze juu au chini hadi bahari ilale juu ya mwongozo wako. Ukihama kushoto au kulia tafuta sehemu yenye mawingu, kwa kuwa anga ndiyo itakayoonekana zaidi. Anga tupu isiyo na wingu ikijaza robo tatu ya dirisha huonekana kama karatasi ya rangi iliyobandikwa.

Kisha ichague leya hiyo, bonyeza Ctrl+G iingie kwenye kundi. Maski utaitia kwenye kundi, si kwenye picha. Faida yake ni kwamba dirisha linabaki palepale na bahari unaweza kuisogeza nyuma yake utakavyo.

## Kukata: kalamu kwa fremu, Multiply kwa nondo

Fremu za dirisha zimenyooka, kwa hiyo tumia Pen Tool. Kuza picha hadi asilimia 300, hakikisha juu kwenye upau imeandikwa Path, ubonyeze kona moja hadi nyingine, kila kioo na njia yake. Bonyeza Ctrl+Enter igeuke uteuzi, kisha Shift+F6 ulainishe kwa pikseli 0.5 au 1. Chagua lile kundi, halafu Layer > Layer Mask > Reveal Selection.

Kuna mtego hapa. Mwanga mkali hula kingo. Fremu nyeupe ya aluminiamu yenye upana wa pikseli 20 huonekana na pikseli 13, na hizo saba zimeyeyuka ndani ya weupe. Ukikata pale ambapo fremu inaonekana kuishia, utapata fremu nyembamba yenye ukingo uliopauka kuizunguka, na huo ukingo ndio unaotangaza kwamba picha imechezewa. Kata pale ambapo fremu *inapaswa* kuishia. Tazama sehemu ambayo haikuungua, labda ile iliyo nyuma ya pazia, upime upana wake, uurudie upande mwingine. Baada ya hapo rudisha kilicholiwa: kwenye leya mpya iliyo juu ya kundi, teua ukanda huo, chukua kwa brashi rangi ya fremu ya karibu, upake taratibu kwa Opacity ya asilimia 40 hivi.

Nondo ni habari nyingine. Ukijaribu kuzizungushia kalamu moja moja, na maua yake ya chuma, utamaliza kesho kutwa, na bado zitaonekana kama zimekatwa kwa mkasi. Usizikate kabisa. Badilisha hali ya leya ya nje kutoka Normal kwenda Multiply.

Multiply huzidisha leya mbili. Penye weupe kamili wa 255, bahari inapita kama ilivyo. Penye nondo nyeusi, giza linabaki giza. Na kwenye ukingo wa nondo, ambao si mweusi wala mweupe, inatoka rangi ya katikati, laini, kama ilivyo kwenye picha halisi. Kazi ya saa tatu imeisha kwa kubofya mara moja. Ndiyo maana dirisha lililoungua sana ni rahisi kuliko lililoungua nusu; weupe kamili ni turubai safi.

Tatizo linakuja nondo zikiwa zimeungua nazo. Mwanga ukitapakaa juu yake zinakuwa kijivu badala ya nyeusi, na baada ya Multiply unaona mawingu ndani ya chuma. Tibu picha ya chini, si ya juu. Weka Curves juu ya picha ya ndani na chini ya kundi, maski yake iwe dirisha lile tu, uvute sehemu ya giza ishuke chini huku pointi ya weupe ukiiacha pale pale. Nondo zitakaza.

Wavu wa mbu nao Multiply inaubeba, lakini usitegemee hiyo peke yake. Tazama dirisha halisi nyumbani kwako: upande wenye wavu, nje panaonekana na giza kidogo, pamefifia, kama kuna moshi mwembamba. Upande usio na wavu ni safi. Basi tenganisha nusu hizo. Kwenye nusu ya wavu nilitia Levels ya peke yake, kwenye Output Levels upande wa weupe nikauleta hadi 225, na upande wa weusi nikaupandisha hadi 60. Tofauti hiyo ndogo kati ya nusu mbili ilifanya zaidi kuliko kila kitu kingine kumshawishi mtazamaji kwamba lile ni dirisha. Pazia jepesi la neti linatendewa vivyo hivyo.

## Mwanga wa nje

Sasa tuko kwenye lile kosa la pili. Watu hupata picha ya nje iliyopigwa vizuri, yenye anga ya buluu iliyoiva na vivuli vyeusi, wakaiweka kama ilivyo. Matokeo yake dirisha linaonekana kama televisheni ukutani. Lakini sebule inapata mwanga wake kutoka kwenye dirisha hilo! Chanzo cha mwanga hakiwezi kuwa na giza kuliko ukuta kinaoumulika.

Fungua paneli ya Info, pitisha kishale kwenye ukuta ulio karibu na dirisha. Wangu ulisoma kati ya 190 na 200. Anga ya nje lazima iwe juu ya hapo. Mimi huiweka kati ya 230 na 245. Isifike 255, maana umetoka hukohuko. Kisha vivuli. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, kioo kina vumbi, na lenzi yenyewe hutapanya mwanga. Kwa hiyo nje ya dirisha hakuna weusi kamili. Tia Levels ndani ya kundi, iwe juu ya picha ya nje, na kwenye Output Levels pandisha upande wa kushoto hadi 35 au 40. Minazi itapauka. Iache. Kitu cheusi kuliko vyote katika picha kiwe ndani ya chumba.

Tahadhari ndogo: leya za marekebisho ndani ya kundi la kawaida hugusa na picha ya chini. Shika Alt, bofya kati ya leya ya Levels na picha ya nje, ili ifungwe kwenye hiyo tu.

Rangi nayo ipunguze, Hue/Saturation kwa -15 hadi -20. Na joto la rangi: chumba chenye taa za njano kimerekebishwa ili kuta zionekane nyeupe, na marekebisho hayohayo yakipita nje hufanya nje pawe na ubuluu kidogo. Hivyo ndivyo macho yetu yalivyozoea. Usiupashe moto mpaka ulingane na taa. Kama ni RAW, anza na thamani ileile ya picha ya ndani, kisha rudi nusu ya njia.

Ili ujue kama mwanga umekaa, weka leya ya Black & White juu ya kila kitu kwa muda, halafu punguza picha kwenye kioo cha kompyuta hadi iwe na ukubwa wa stempu. Rangi zikiondoka, mwanga hauna pa kujificha. Jicho likikimbilia dirishani na kukwama hapo, nje bado pana giza au pana ukali mno.

## Ukungu, na mwanga unaovuja

Kuna desturi ya kuifanya nje iwe na ukungu mzito kama picha za uso za simu. Kwa lenzi ya 16 mm kwenye f/8 hilo si kweli. Ukilenga kitu kilicho mita moja na kidogo tu kutoka kwenye kamera, kila kitu hadi upeo wa bahari kinatoka kikali. Kwa hiyo usitie ukungu wa kuonekana. Kinachohitajika ni kuondoa ukali uliozidi, kwa sababu picha uliyoipunguza hadi asilimia 67 imekuwa kali kuliko sebule yenyewe. Gaussian Blur ya pikseli 0.7 inatosha, na upande wa wavu labda 1.5.

Kilicho muhimu zaidi ni mwanga unaovuja. Kwenye picha halisi, dirisha linaangaza kingo za fremu yake na kidogo ya ukuta. Tengeneza leya mpya juu ya kundi. Shika Ctrl ubofye maski ya kundi ili uteuzi urudi, jaza rangi uliyoichukua kwenye anga, kisha ondoa uteuzi kwa Ctrl+D. Tia Gaussian Blur ya pikseli 40, hali iwe Screen, Opacity 15%. Izime na kuiwasha. Ukiona tofauti mara moja, imezidi. Ukihisi tu kwamba dirisha "limetulia", ndiyo hiyo.

## Vitu vinavyoakisi

Tailizi zinazong'aa, kioo cha meza, televisheni iliyozimwa: vyote vina dirisha lako jeupe ndani yake. Kwenye tailizi nilinakili ile picha ya nje nje ya kundi, nikaipindua kwa Edit > Transform > Flip Vertical, nikaiweka juu ya doa jeupe la sakafuni kwa Multiply, ukungu wa pikseli 20, Opacity 30%, nikaipa maski kwa brashi laini. Haihitaji usahihi, ila doa lipate rangi ya anga.

Kioo cha ukutani ndicho kinachotaka usahihi, maana hakifichi kitu. Mwaka ule nilimpelekea mama picha iliyorekebishwa, bahari imeshuka robo ya dirisha, imemetameta inavyotakiwa. Akaitazama, akacheka. "Huku bahari ipo," akasema akinyoosha kidole kwenye dirisha. Kidole kikahamia kwenye kioo kilichokuwa juu ya kabati, ambamo dirisha lilelile lilikuwa bado jeupe pe. "Huku imekauka."